Wanafunzi 60, bureti tatu, dakika 80

*Shikamoo mwalimu. Nafundisha Kemia Kidato cha Tatu huku kisiwani Ukerewe. Darasa lina wanafunzi 60, bureti nzima ni tatu, ya nne inavuja. Mpaka sasa titresheni naifanya mimi mbele, wao wanaandika. Nikiwagawa makundi, wawili wanafanya na waliobaki wanapiga soga. Nikisema matokeo yawe ya pamoja, kila kundi linaniletea namba ya kundi la yule mwanafunzi mkali. Dabo yangu ni dakika 80. Nifanyeje?*

Marahaba, mwalimu. Darasa la mwisho nililofanya nalo kazi hii, shule ya kutwa huku upande wa mjini, lilikuwa na wanafunzi 60 na bureti tatu kama lako, kwa hiyo nitakusimulia siku ile ilivyokwenda, pamoja na yaliyoharibika. Asidi ya haidrokloriki ya 0.1 M ilikaa kwenye bureti, kostiki soda ikakaa kwenye flaski, na kiashiria kilikuwa methili oranji.

Kabla hujafikiria makundi, punguza ujazo. Umezoea kupima besi cm³ 20 au 25 kwa sababu ndivyo mtihani unavyopenda. Kwa somo la kawaida pima 10. Bureti ya cm³ 50 ikijazwa mara moja itakupa titresheni nne badala ya moja au mbili, na kila moja itamchukua mwanafunzi asiyezoea kama dakika tano. Lita moja ya asidi na lita moja ya besi zitatosha darasa zima na nyingine itabaki. Unacholipa ni usahihi: kosa la matone mawili, yaani kama 0.10, ni sehemu ndogo sana ya 25 lakini ni karibu asilimia 1 ya 10. Kwa Kidato cha Tatu mimi nalipa bei hiyo bila kusita.

Asidi yote itoke chombo kimoja na besi yote itoke chombo kimoja. Usikubali kila meza ipate chupa iliyochanganywa kivyake, maana ukifika kwenye kulinganisha matokeo hutajua kama makundi yametofautiana kwa mikono au kwa chupa. Nilipima kostiki gramu 4.5, ile ya wapika sabuni, nikaiyeyusha mpaka lita moja. Kostiki hainyooki kwa mizani kwa sababu inanyonya unyevu na hewa ya kabonidioksidi ungali unapima, lakini hilo halidhuru, kwa kuwa yenyewe ndiyo wanafunzi wanayotafuta nguvu yake. Asidi ndiyo inayotakiwa ijulikane. Kama cm³ 9 za asidi kali ya asilimia 36, ukiitia kwenye maji (kamwe usitie maji kwenye asidi) na kufikisha lita moja, utapata karibu 0.1 M. Neno "karibu" halitoshi, basi jioni yake ipime kwa sodiamu kaboneti kavu, gramu 5.3 kwa lita. Cm³ 10 za kaboneti hiyo zinahitaji cm³ 10.0 za asidi ikiwa asidi ni 0.100 M kamili. Huna kaboneti? Chukua sodiamu haidrojeni kaboneti, ile soda nyeupe ya kuumulia keki (hakikisha si bekingi poda, hiyo ina unga na vingine), ikaange kwenye sufuria kavu hadi mizani iache kushuka. Gramu 8.4 hubaki 5.3, na kilichobaki ndicho kaboneti unayoitaka.

Maji yasikupe taabu. Ya mvua yaliyokingwa baada ya paa kuoshwa yanafaa kama hayo ya kununua. Ya ziwani au ya bomba yana bikaboneti kidogo inayokula asidi. Ukitaka kujua inakula kiasi gani, tia methili oranji kwenye cm³ 10 za maji hayo kisha hesabu matone ya asidi hadi rangi igeuke. Likitosha tone moja, tumia.

Sasa onyesho. Wewe unafanya titresheni nzima mbele yao, na nadhani hapo ndipo muda unapopotea. Mwanafunzi aliyekaa safu ya tatu haoni meniskasi hata umsihi. Anachoweza kuona kutoka pale ni rangi na mkono wako, kwa hiyo onyesha hivyo viwili tu, kwa dakika 12. Mkono wa kushoto unaizunguka koki, wa kulia unatikisa flaski. Maji ya bureti yanakimbia mwanzoni, halafu matone, halafu tone moja linaning'inia kwenye ncha na kugusishwa kwenye ukuta wa flaski. Chini ya flaski kuna karatasi nyeupe. Faneli uliyojazia imeondolewa, kwa kuwa ikibaki juu itadondosha tone lake katikati ya kazi. Koki ilifunguliwa mara moja kwa nguvu kabla ya kuanza ili kiputo cha hewa kilicho chini yake kitoke.

Onyesho lile litumie kwa mambo mawili mengine ambayo ndiyo yaliyotuokoa. La kwanza: hiyo titresheni yako iwe pailoti ya darasa zima. Yetu ilitoka karibu 11. Nikaandika ubaoni "pailoti: kama 11", na hakuna kundi lililorudia pailoti. Kila mmoja alijua aachie asidi ikimbie mpaka kama 9.5 imetumika, kisha aende kwa tone. Ungeliacha kila kundi lifanye pailoti yake, theluthi ya muda wa bureti ungekwenda huko. (Kwenye mtihani watafanya pailoti yao wenyewe, kwa hiyo waambie hivyo wasije wakaisahau.) La pili: hifadhi flaski tatu za onyesho. Moja ina rangi ya njano kabla ya kikomo, moja imesimama kwenye rangi ya chungwa pale pale ilipogeuka, na ya tatu umeizidishia asidi cm³ 1 makusudi ikawa nyekundu ya waridi. Ziweke mbele somo zima. Mwanafunzi anayebishana na mwenzake kama "hii imefika" anakwenda kulinganisha, harudi kwako. Mitungi ya jemu inayolingana inatosha, flaski zisikuishie hapo.

Kwenye hizo rangi utakutana na mvulana mmoja au wawili ambao daima wanapitiliza kikomo na wanachekwa. Usikimbilie kumwita mzembe. Wapo wanaozaliwa wakiwa hawatofautishi vizuri nyekundu, chungwa na njano. Niliwahi kumwadhibu mmoja muhula mzima kabla sijaelewa, na bado inaniuma. Mpe finolfthalini, ambayo hapa inatoka waridi na kuwa maji matupu; wengi wao huiona.

Tuje kwenye mzunguko. Wanafunzi 60 niliwagawa makundi 12 ya watano watano, na kazi nikazifanya nne, kila moja ikiwa na meza tatu. Meza tatu za bureti. Meza tatu za bomba la sindano. Meza tatu za kusoma kipimo. Meza tatu za hesabu. Makundi matatu kwa kila kazi, zamu nne za dakika 13, na katika kila zamu dakika mbili ni za kuhama. Dakika 12 za onyesho, 52 za zamu, zinabaki 16 za ubao. Nilipiga filimbi ya mpira, na hapakuwa na "dakika moja mwalimu".

Kwenye bureti kila kundi linafanya titresheni mbili tu. Wa kwanza anashika koki na flaski, wa pili anapima besi kwa pipeti, wawili wanasoma bureti, wa tano anaandika. Titresheni ya pili ikianza, aliyeshika koki anaiachia kwa mwenzake. Kwa hiyo wawili kati ya watano wameshika koki siku hiyo. Watatu waliobaki watasukuma asidi wenyewe kwenye meza ya bomba la sindano, ambako titresheni ni tatu. Mbili na tatu ni tano, hakuna aliyemaliza dabo bila kugeuza rangi kwa mkono wake mwenyewe. Hicho ndicho kilichoua soga, maana kila mtu alijua zamu yake iko wapi. Ukitaka kujua kama mzunguko wako umeshika, simama nyuma ya darasa dakika ya 30 uhesabu mikono isiyo na kitu. Ikizidi kumi, kazi ya meza fulani ni nyepesi mno.

Bomba la sindano nimelitaja kama kitu cha kawaida, basi nikueleze. Nunua duka la dawa mabomba ya mililita 10 yenye mistari ya 0.2 (yapo ya 0.5, yaache), bila sindano. Moja la besi na moja la asidi kwa kila meza, yaandikwe kwa maka peni yasibadilishane. Wanapima besi 5, wanatia tone moja la methili oranji, wanasukuma asidi taratibu. Mpira wa ndani hung'ang'ania kisha huruka ghafla, na asidi inaruka nao. Dawa yake ni kuuvuta na kuusukuma mara kumi kwa maji kabla ya kuanza, na mwishoni kuuzungusha huku unausukuma. Matokeo ya meza hii yalikuwa kati ya 5.2 na 5.6, na ukizidisha mara mbili unaona yanazunguka palepale penye 10.8 ya bureti, ila yametawanyika zaidi. Yaandike ubaoni kwenye safu yake. Usiyachanganye kamwe na ya bureti katika wastani mmoja.

Meza ya kusoma ndipo bureti yako inayovuja inapopata kazi. Izibe ncha kwa kipande cha mpira, ijaze maji yenye rangi, ifunge kwenye stendi, kila mwanafunzi aisome peke yake na kuandika bila kumwonyesha mwenzake. Kwenye meza mbili zilizobaki weka manila uliyochora vipande vya bureti vyenye meniskasi mahali tofauti. Meza ya hesabu sina mengi ya kusema: mlinganyo, na hesabu moja ya mfano yenye namba za mwaka uliopita.

Sasa sehemu niliyokusudia hasa, ambayo ni karatasi ya bureti. Bureti zetu tuliziita A, B na C, na kando ya kila moja tulibandika karatasi ambayo haihami. Kundi linahama, karatasi inabaki. Kila usomaji unaandikwa pale kwa kalamu ya wino, hakuna kufuta. Ukikosea unapiga mstari mmoja na kuandika pembeni. Na bureti haijazwi upya kati ya kundi na kundi. Asidi ni ileile, hakuna haja ya kuisuuza wala kuirudisha kwenye sifuri. Kundi linaloingia linaanzia pale kundi lililotoka lilipoishia. Inajazwa mara moja tu, baada ya zamu ya pili.

Utaona faida mbili kwa mpigo. Wanafunzi wako, kama wangu, wameshazoea kuandika usomaji wa mwanzo 0.00 hata pale ambapo asidi iko 0.60, kwa sababu ndivyo walivyoona kwenye jedwali la kitabu. Hapa hawawezi. Faida kubwa ni kwamba usomaji wa mwisho wa mmoja ni usomaji wa mwanzo wa mwingine, na lazima vilingane. Kundi linaloingia lisome kwanza, liandike, ndipo litazame mstari wa juu. Ikiwa waliotoka waliandika 22.30 na walioingia wamesoma 22.70, ama mmoja amesoma vibaya, ama koki inavuja wakati wa kuhama. Wasome mara mbili, dakika moja ikipita kati yake. Ikishuka tena, ni koki.

Karatasi ya bureti B, zamu mbili za kwanza, ilisomeka hivi:

Kundi la 2: 0.60 hadi 11.40, imetumika 10.80
Kundi la 2: 11.40 hadi 22.30, imetumika 10.90
Kundi la 5: 22.30 hadi 34.90, imetumika 12.60
Kundi la 5: 34.90 hadi 43.90, imetumika 9.00

Kundi la 5 walihuzunika kwa muda, kisha wakafurahi, kwa sababu wastani wa 12.60 na 9.00 ni 10.80, sawasawa na wenzao. Wakataka kuandika 10.80 ubaoni. Mwalimu, ungalikuwa umewaomba wastani tu, ungewapa vema. Mimi niliwaita mbele na karatasi yao.

Titresheni mbili zilizoachana kwa 3.60 haziwezi kutoka kwenye chupa moja. Zote mbili ni mbovu, lakini zimechangia usomaji mmoja, ule wa katikati, 34.90. Ukikosea usomaji wa katikati, kiasi unachoongeza kwenye titresheni ya kwanza unakitoa kwenye ya pili, na wastani hausikii chochote. Kutoka 22.30 hadi 43.90 zimetumika 21.60, nusu yake 10.80, kwa hiyo asidi ilipaswa kusimama 33.10. Kwa nini mtu asome 34.90 mahali penye 33.10? Bureti inahesabu kwenda chini. Meniskasi ilikuwa mstari mmoja chini ya 33. Msomaji aliiona namba 34 chini yake, akahesabu mistari kwenda juu kama anavyofanya kwenye silinda ya kupimia, akapata tisa. Akaandika 34.90. Kosa hili utalitambua popote kwa alama yake: desimali iliyoandikwa na desimali ya kweli ukizijumlisha unapata moja, hapa 0.90 na 0.10.

Lakini walikuwa na wasomaji wawili. Ilikuwaje wa pili asigundue? Nilipouliza, wa pili alisema hakusoma; alinakili ya mwenzake kwa sababu "ni palepale". Tangu siku hiyo nimeweka sharti: anayesoma mwisho wa titresheni ya kwanza hasomi mwanzo wa ya pili, na anayesoma sasa anaandika akiwa ameikunja karatasi mstari wa juu usionekane.

Hapo tumekaribia swali lako la kunakili. Wanafunzi hawanakili kwa uvivu peke yake. Wananakili kwa sababu ubao unajazwa mmoja baada ya mwingine, na kundi la nne linaloona 10.80, 10.80, 10.90 halina ujasiri wa kuandika 11.40. Kwa hiyo ubao wangu ulikuwa mtupu mpaka mwisho. Kila kundi likitoka kwenye bureti lilinikabidhi kikaratasi kilichokunjwa chenye namba nne tu: mwanzo na mwisho, mwanzo na mwisho. Ujazo uliotumika sikuutaka. Anayetaka kughushi ujazo ni rahisi, lakini akighushi usomaji nne, karatasi ya bureti itamuumbua, kwa kuwa namba zake hazitaungana na za aliyemtangulia wala za aliyemfuata.

Dakika 16 za mwisho, wanafunzi wawili walifungua vikaratasi na kujaza jedwali. Kisha nilichora ubaoni mstari wa namba kutoka 9 hadi 13, na kila titresheni ikawa nukta moja ya chaki juu ya mstari, chaki nyeupe kwa bureti A, ya njano kwa B, ya bluu kwa C. Rangi si pambo. Kama nukta zote za bureti moja zimesogea upande mmoja, tatizo ni la kifaa: koki inavuja, au pipeti ya meza ile imevunjika ncha. Kama huna pipeti za 10 na unapimia besi kwa bomba la sindano, bomba moja libaki kwenye meza moja somo zima ili rangi hizo zikuambie ukweli. Siku ile rangi zilichanganyika vizuri. Nukta 20 zilirundikana kati ya 10.70 na 10.90. Mbili za kundi la 5 zilikaa mbali, moja huku na moja kule. Na mbili zikasimama pamoja, peke yake, kwenye 11.40 na 11.30.

Hilo lilikuwa kundi la 11, na humo alikuwemo yule mwanafunzi mkali wa darasa hilo. Walitetea kazi yao. Titresheni zao zimeachana kwa 0.10 tu, usomaji wao unaungana na wa kundi la 8 lililowatangulia, rangi yao ilikuwa ya chungwa safi. Yote ni kweli. Wangekuwa kundi pekee darasani, ungewapa alama zote. Ni kama sado ya muuza dagaa iliyobonyea kitako: kila akipima anapata kipimo kilekile, na mnunuzi mmoja peke yake hawezi kujua kitu. Anajua akipeleka dagaa zake kwenye sado ya jirani.

Kosa linalotoa matokeo yanayolingana lakini makubwa kila mara liko kabla ya koki, kwenye kupima besi. Nikawauliza flaski waliisuuza na nini. Wakajibu kwa fahari: kwa besi, "kama pipeti". Pipeti husuuzwa kwa besi ili maji yaliyomo yasiichuje. Flaski husuuzwa kwa maji, na maji yakibaki hayadhuru chochote, kwa sababu hayaongezi besi. Flaski iliyosuuzwa kwa besi inabaki na matone ukutani. Zikibaki kama cm³ 0.5, kwenye flaski kuna 10.5 badala ya 10, na asidi inayohitajika inapanda hadi kama 11.3. Msichana mmoja wa kundi la 3 alipiga hesabu hiyo akiwa amekaa, akaipata kabla yangu.

Kanuni tuliyokubaliana ni kwamba nukta haiondolewi kwa kuwa iko mbali. Inaondolewa pale tu sababu yake inapopatikana kwenye karatasi au kwa kurudia. Kundi la 11 walirudia moja kwa flaski iliyosuuzwa kwa maji, wakapata 10.80. Namba zao za kwanza na za kundi la 5 zilibaki kwenye jedwali zikiwa zimepigwa mstari na sababu pembeni, na wastani ukachukuliwa wa zile 20: 10.81. Kwa asidi ya 0.100 M na besi cm³ 10, kostiki yetu ikawa 0.108 M, yaani kama gramu 4.3 kwa lita. Nilikuwa nimepima 4.5. Ile tofauti ni unyevu na kabonidioksidi iliyonyonywa na kostiki ya wapika sabuni, na kwao ilikuwa ajabu kwamba wao kwa pamoja walikuwa wameipima vizuri kuliko mizani yangu.

Kwenye daftari kila mmoja aliandika majedwali mawili: la kundi lake kama lilivyotoka, na la darasa. Hesabu ya mwisho alitumia la darasa. Nilisahihisha kwa kuangalia la kundi, likilingana na karatasi ya bureti, hata kama namba ni mbaya. Kundi la 5 walipata alama kamili za uandishi.

Mpango huu una mwisho wake. Darasa likizidi 75, makundi yanakuwa na watu sita na saba na soga inarudi. Ligawe mara mbili, nusu wafanye leo na nusu kipindi kijacho, kwa chupa zilezile zilizofunikwa vizuri. Ukiwa na bureti moja tu, usijaribu kuzungusha makundi 12: fanya bureti iwe ya onyesho na pailoti, na darasa zima lifanye kwa mabomba ya sindano. Na hata kwa bureti tatu, siku moja ni wanafunzi 24 tu wanaoshika koki. Kwenye orodha ya majina weka herufi B mbele ya kila aliyeishika. Titresheni ya pili anza na wasio na B. Kwa dabo tatu wote 60 watakuwa nayo, na hiyo orodha ndiyo utakayoitazama mtihani wa vitendo unapokaribia, siyo kumbukumbu yako.

Hiyo bureti yako ya nne inayovuja usiitupe. Kama koki ni ya kioo, itoe, ifute, paka vaselini nyembamba sana pande mbili za tundu, si kwenye tundu lenyewe, kisha izungushe. Kama ni ya plastiki, kaza nati yake kidogo. Jaza maji hadi 0.00, iache dakika kumi, usome tena. Kama koki imevunjika kabisa, kata kipande cha mrija wa dripu chenye kile kigurudumu cha kubana, kichomeke kwenye shingo ya chini, na kwenye ncha nyingine weka ncha ya kioo ya kitonesheo. Angalia kiputo kisibaki ndani ya mrija. Sisi bureti C ndivyo ilivyokuwa, na nukta zake za bluu hazikutofautiana na nyingine. Ukipata nafasi ya kuja mjini na meli ya Nansio, mirija mipya duka la dawa haifiki bei ya koki moja. Ila zile bureti ukizisafirisha zifunge ndani ya bomba la plastiki la maji, siyo ndani ya gazeti.